Jinsi ya kuchora na kusoma mchoro wa mchemko: benzini na tolueni, hatua kwa hatua

Benzini safi huchemka kwenye nyuzi 80.1 za Selsiasi. Tolueni safi huchemka kwenye nyuzi 110.6. Ukizichanganya moli kwa moli, nusu kwa nusu, mchanganyiko utachemka nyuzi ngapi?

Nimewahi kuwauliza wanafunzi swali hili mara nyingi, na majibu huwa mawili. Kuna wanaochukua wastani na kusema 95 na ushei. Wengine husema 80.1, kwa hoja kwamba benzini itachemka yenyewe hadi iishe, kisha tolueni ingoje zamu yake. Wote wamekosea. Mchanganyiko huo huanza kuchemka kwenye nyuzi 92.1, na joto halitulii hapo bali huendelea kupanda kadiri unavyochemka. Njia nzuri ya kuelewa kwa nini ni kuchora mchoro wa mchemko kwa mkono wako, kutoka kwenye namba. Aliyeuchora mara moja hasumbuki tena kuusoma.

Benzini husababisha saratani ya damu, kwa hiyo hapa tunafanya kazi kwenye karatasi tu. Ukitaka kulijaribu jambo hili maabara, tafuta jozi nyingine, kwa mfano heksani na heptani, ambazo huchemka kwenye nyuzi 68.7 na 98.4. Hesabu ni ileile. Heksani nayo isivutwe puani wala isikaribie moto.

Anza na shinikizo la mvuke

Chukua chupa iliyofungwa, iliyotolewa hewa yote, kisha uweke humo benzini kidogo kwenye nyuzi 20. Molekuli zilizo usoni mwa kimiminika zitaanza kuruka na kujaza nafasi ya juu. Baadhi zitagonga uso na kurudi. Baada ya muda zinazotoka na zinazorudi zitalingana, na mvuke utasukuma kuta za chupa kwa shinikizo lisilobadilika: kilopaskali 10.0. Ukifanya hivyo kwa tolueni utapata 2.9 tu, maana molekuli zake zimeshikana kwa nguvu zaidi. Kuongeza kimiminika ndani ya chupa hakuongezi shinikizo hilo. Kinacholiongeza ni joto.

Sasa zichanganye nusu kwa nusu. Usoni mwa kimiminika, kati ya kila molekuli mbili, moja ni benzini na moja ni tolueni. Molekuli za benzini zilizo tayari kuruka zimepungua kwa nusu, kwa hiyo mchango wao katika shinikizo nao unapungua kwa nusu. Ndiyo kanuni aliyoieleza mkemia Mfaransa François-Marie Raoult katika miaka ya 1880: shinikizo la kila kijenzi juu ya mchanganyiko ni shinikizo lake kikiwa safi, mara sehemu yake ya moli ndani ya kimiminika. Tukiiita sehemu ya moli ya benzini `x`, tunaandika hivi:

```
P = x · Pb + (1 − x) · Pt
```

`Pb` na `Pt` ni mashinikizo ya benzini safi na tolueni safi kwenye joto hilohilo. Kwa nyuzi 20, benzini inachangia 5.0 na tolueni 1.45, jumla 6.45.

Tazama mgawanyo huo. Katika kimiminika benzini ni nusu, lakini katika mvuke ni 5.0 kwa 6.45, yaani 0.775. Mvuke una benzini nyingi kuliko kimiminika ulichotoka. Kila kitu kinachofuata katika mwongozo huu, pamoja na lile umbo la jani la mchoro, kimetokana na tofauti hii moja.

Kwa nini kanuni hii inafaa jozi hii? Kwa sababu molekuli za benzini na tolueni zinafanana mno, tofauti ikiwa kikundi kimoja cha methili. Molekuli ya benzini haioni tofauti kubwa kama jirani yake ni benzini au tolueni, maana mvuto ni karibu uleule. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa mchanganyiko bora. Dalili yake maabara ni rahisi: ukichanganya, chombo hakipati joto wala baridi, na ujazo wa jumla ni ule uliotarajia kwa kujumlisha.

Kutoka shinikizo hadi mchemko

Kimiminika huchemka pale shinikizo la mvuke wake linapolingana na shinikizo linalokikandamiza kutoka nje. Tutachukua shinikizo la kawaida la angahewa, kilopaskali 101.3. Kazi yetu basi ni kutafuta, kwa kila joto, ni mchanganyiko gani ambao shinikizo lake la jumla ni 101.3 kamili.

Hapa ndipo wengi hujisumbua bure. Huchagua mchanganyiko kwanza, halafu wanahangaika kutafuta joto lake, na kwa kuwa shinikizo halipandi na joto kwa mstari ulionyooka, wanaishia kubahatisha namba mara tano, sita. Geuza mambo: chagua joto kwanza, lolote kati ya 80.1 na 110.6. Kwa joto hilo mashinikizo ya vijenzi safi yanapatikana kwenye majedwali ya kemia, na kisichojulikana kinabaki `x` peke yake. Ukiipanga upya kanuni ya Raoult unapata:

```
x = (101.3 − Pt) / (Pb − Pt)
y = x · Pb / 101.3
```

`y` ni sehemu ya moli ya benzini katika mvuke: mchango wa benzini ukigawanywa kwa shinikizo la jumla, kama tulivyofanya juu ya ile chupa.

Tuifanye moja kwa ukamilifu. Kwenye nyuzi 90, benzini safi ina kilopaskali 136.1 na tolueni 54.2. Juu ya mstari wa sehemu: 101.3 toa 54.2 ni 47.1. Chini: 136.1 toa 54.2 ni 81.9. Gawanya, `x` ni 0.575. Kisha 0.575 mara 136.1 ni 78.3, na ukigawa kwa 101.3 unapata `y` ya 0.773. Kwa maneno mengine, kimiminika chenye benzini 0.575 huchemka kwenye nyuzi 90, na mvuke wake wa kwanza una benzini 0.773.

Rudia kwa joto nyingine nne na una kila kitu unachohitaji:

| Joto (°C) | Pb (kPa) | Pt (kPa) | x | y |
|---|---|---|---|---|
| 85 | 117.5 | 46.0 | 0.773 | 0.897 |
| 90 | 136.1 | 54.2 | 0.575 | 0.773 |
| 95 | 156.9 | 63.6 | 0.404 | 0.626 |
| 100 | 180.0 | 74.2 | 0.256 | 0.455 |
| 105 | 205.7 | 86.1 | 0.127 | 0.258 |

Ukipata `x` iliyo hasi au inayozidi 1, usitafute kosa kwenye kikokotoo kwanza. Angalia joto ulilochagua, maana huenda liko nje ya 80.1 na 110.6. Na ukiona `y` ndogo kuliko `x`, umebadilishana safu za benzini na tolueni.

Kuchora

Mlalo wa chini uwe sehemu ya moli ya benzini, kutoka 0 upande wa kushoto (tolueni tupu) hadi 1 upande wa kulia (benzini tupu). Wima uwe joto, kutoka 75 hadi 115. Weka nukta mbili za mwisho: 110.6 kushoto kabisa na 80.1 kulia kabisa. Kisha, kwa kila joto katika jedwali, weka nukta mbili kwenye kimo kilekile, moja ya `x` na moja ya `y`. Unganisha nukta za `x` kwa mkono laini, bila rula. Unganisha za `y` vivyo hivyo.

Utapata umbo la jani jembamba lililolala kimshazari. Mstari wa chini ni wa kimiminika, na wa juu ni wa mvuke. Chini ya jani kila kitu ni kimiminika, juu yake kila kitu ni mvuke, na ndani ya jani vyote viwili vipo pamoja.

Hebu weka rula kati ya zile nukta mbili za mwisho. Mstari wa kimiminika unapita chini ya rula, na hapo ndipo jibu la wastani linapokosea. Ukichora shinikizo dhidi ya `x` kwa joto moja unapata mstari ulionyooka, ndivyo Raoult anavyosema. Lakini hapa tumebana shinikizo na kuachia joto, na shinikizo la mvuke hupanda kwa kasi inayozidi kuongezeka kadiri joto linavyopanda. Kutoka nyuzi 85 hadi 90 shinikizo la benzini linaongezeka kwa 18.6, na kutoka 100 hadi 105 kwa 25.7. Unyoofu hauwezi kubaki.

Kuusoma: safari ya mchanganyiko mmoja

Turudi kwenye swali la mwanzo. Tia moli 5 za benzini na moli 5 za tolueni ndani ya silinda yenye pistoni inayoteleza, ili shinikizo libaki 101.3 na kitu chochote kisitoroke. Anza kupasha joto taratibu. Kwenye mchoro, simama kwenye 0.5 na upande wima.

Unagusa mstari wa kimiminika kwenye nyuzi 92.1. Povu la kwanza linatokea. Lina nini ndani yake? Usiendelee kupanda ili kujua. Nenda mlalo, kulia, kwa kimo kilekile cha 92.1, hadi ukutane na mstari wa mvuke. Utaukuta kwenye 0.713. Povu la kwanza ni benzini asilimia 71 hivi.

Mwendo huu wa mlalo ndio unaowakosesha watu. Anayepanda wima kutoka mstari wa chini hadi wa juu anapata joto lingine, si mvuke unaokaa pamoja na kile kimiminika. Mvuke na kimiminika vilivyo pamoja vina joto moja, kwa hiyo lazima viwe kwenye kimo kimoja cha mchoro.

Endelea kupasha hadi nyuzi 95. Sasa uko ndani ya jani. Hapo kwenye 0.5 penyewe hakuna kitu chenye mchanganyiko huo. Kuna kimiminika chenye 0.404 upande wa kushoto na mvuke wenye 0.626 upande wa kulia, na 0.5 ni wastani wa jumla tu. Ni kiasi gani kimeshageuka mvuke? Hapa tunatumia kanuni ya wenzo. Fikiria mstari wa mlalo kutoka 0.404 hadi 0.626 kuwa ubao wa pembea, na 0.5 kuwa mhimili wake. Urefu wote ni 0.222. Upande wa kimiminika hadi kwenye mhimili una urefu wa 0.096. Sehemu ya mvuke ni urefu wa upande *ulio mkabala nayo*: 0.096 kwa 0.222, yaani 0.432. Basi moli 4.32 ni mvuke na 5.68 ni kimiminika.

Je, ni kweli? Hesabu benzini: 4.32 mara 0.626 ni 2.70, na 5.68 mara 0.404 ni 2.30. Jumla moli 5, kama tulivyotia. Fanya ukaguzi huu kila mara, kwani ukitumia upande usio sahihi wa wenzo utaubaini papo hapo: ungepata 5.30.

Kwenye nyuzi 98.8 unagusa mstari wa juu. Tone la mwisho la kimiminika linatoweka, na tone hilo lina benzini 0.291 tu. Mvuke wote sasa ni 0.5, na lazima iwe hivyo kwa kuwa hakuna kilichotoroka. Mchanganyiko umechemka kuanzia 92.1 hadi 98.8. Kimiminika safi kina joto moja la kuchemka, ila mchanganyiko wa aina hii una masafa.

Ngazi ya ukenekaji

Sasa ondoa pistoni. Mvuke ukiondolewa na kupozwa peke yake, unapata kimiminika kipya chenye benzini nyingi zaidi. Huo ndio ukenekaji, na kwenye mchoro unaonekana kama ngazi.

Anza na kimiminika cha 0.575. Kinachemka kwenye nyuzi 90. Nenda mlalo hadi mstari wa mvuke: 0.773. Poza mvuke huo uwe kimiminika, yaani shuka wima kutoka 0.773 hadi mstari wa chini. Angalia jedwali: kimiminika cha 0.773 huchemka kwenye nyuzi 85, na mvuke wake ni 0.897. (Namba zimeangukiana vizuri hivyo kwa bahati, nami sikuiacha ipite.) Shuka tena kutoka 0.897 na utajikuta kwenye nyuzi 82.2, mvuke ukiwa karibu 0.96. Hatua tatu zimekutoa asilimia 57 hadi 96.

Ona pia kwamba kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia: 0.198, kisha 0.124, kisha 0.06. Jani linakuwa jembamba linapokaribia ncha, kwa hiyo asilimia chache za mwisho za usafi zinagharimu hatua nyingi. Mnara wa ukenekaji hufanya ngazi hii yote mara moja: mvuke unapanda, kimiminika kinashuka, na kila mahali vinapokutana kwa ukamilifu ni kama kidato kimoja.

Na kilichobaki chini kwenye chupa? Kwa kuwa mvuke huondoka na benzini nyingi, kimiminika kinachobaki kinateleza kushoto kwenye mchoro, kikifuata mstari wa chini kupanda kuelekea 110.6. Hii ndiyo sababu joto halitulii.

Mahali namba zinapokataa

Kosa linalopatikana zaidi ni la gramu. Kanuni ya Raoult huhesabu molekuli, haipimi uzito. Gramu 100 za benzini ni moli 1.28, na gramu 100 za tolueni ni moli 1.09, kwa hiyo "nusu kwa nusu" kwa mizani ni `x` ya 0.54. Ukiusoma mchoro kwenye 0.5, umekosea mahali pa kuanzia, na kila kinachofuata kitakuwa kimesogea.

La pili ni shinikizo. Mchoro tuliochora ni wa kilopaskali 101.3 peke yake. Ukipunguza shinikizo hadi 50, benzini itachemka karibu na nyuzi 58.8 na tolueni 87.5, na jani zima litashuka. Maabara iliyo mahali pa juu milimani itapata joto pungufu kuliko jedwali, na hapo si kipimajoto kibovu. Soma kwanza shinikizo la chumba, liweke mahali pa 101.3 kwenye fomula, kisha hesabu upya.

La tatu ni mahali pa kipimajoto. Kikitumbukizwa ndani ya kimiminika kinasoma mchemko wa kilicho chupani. Kikiwekwa juu, mvuke unapogeukia kwenda kwenye kipozeo, kinasoma joto la mvuke unaotoka. Katika kifaa chenye mnara, masomo haya mawili yanaweza kutofautiana kwa nyuzi kadhaa, na yote mawili yako sahihi. Andika kwenye daftari ulisoma wapi.

Baada ya hayo yote, huenda namba zikakataa bado, kwa sababu mchanganyiko wenyewe si bora. Ethanoli na maji ni mfano unaojulikana. Molekuli za maji zimeshikana kwa nguvu, na ethanoli ikiingia kati inalegeza mshikano huo. Molekuli zinaruka kwa urahisi kuliko Raoult anavyotabiri, shinikizo linazidi mstari ulionyooka, na mchemko unashuka. Unashuka hata chini ya ule wa ethanoli safi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 78.4. Mchanganyiko wenye ethanoli asilimia 95.6 kwa uzito huchemka kwenye nyuzi 78.2.

Kwenye mchoro, mistari miwili inagusana mahali hapo kabla ya kufika ukingoni. Unaona majani mawili yaliyounganishwa badala ya moja. Ngazi yako ikifika hapo haina pa kukanyaga: ukienda mlalo, mvuke ni uleule wa kimiminika. Maabara utalitambua hivi: joto linatulia kabisa kana kwamba una kitu safi, lakini ukipima msongamano wa kilichotoka, unakuta bado kuna maji.